Marejesho ya tawini yafike makao makuu kila usiku, hata mtandao ukikatika katikati

Asubuhi moja mhasibu wa SACCOS niliyokuwa naihudumia pale Mbeya mjini alinipigia simu kabla sijanywa chai. "Kaka, Makete kuna miujiza. Wanachama arobaini wamelipa mkopo mara mbili jana, na sanduku halina hiyo hela."

Miujiza hiyo niliitengeneza mimi. Usiku ule kompyuta ya tawi ilituma marejesho ya siku, seva ya makao makuu ikayapokea na kuyaandika, halafu mtandao ukakatika kabla jibu la "nimepokea" halijarudi tawini. Programu niliyoiandika ikadhani hayajafika, ikayatuma upya. Seva nayo ikayaandika upya bila kuuliza.

Tangu siku hiyo kazi hii naijenga juu ya wazo moja. Mtandao ukinyamaza, tawi haliwezi kujua kama data imefika na jibu ndilo limepotelea njiani, au kama haikufika kabisa. Kutoka tawini hali hizo mbili zinafanana, na hakuna modemu ghali itakayozitofautisha. Kwa hiyo usihangaike kuhakikisha data inatumwa mara moja tu. Fanya kutuma mara mbili kusiwe na madhara, kisha utume mpaka ujibiwe. Hatua zinazofuata zinatekeleza wazo hilo, kwa tawi lenye kompyuta moja inayotumia Linux na modemu ya laini ya simu, na makao makuu yenye seva ya PostgreSQL. Anayetumia Windows tawini atabadilisha amri tu. Mantiki ni ileile.

Kwanza, risiti ipewe namba tawini

Namba ya risiti izaliwe mezani kwa keshia, wakati pesa inapopokelewa. Isisubiri kupewa na seva. Mimi natumia namba yenye sehemu tatu, kwa mfano `MKT-01-000482`: tawi, kompyuta, kisha mfululizo unaopanda moja moja bila kuruka. Wapo wanaopenda namba ndefu za kubahatisha, na kwa kuzuia marudio zinafaa kabisa. Mimi napenda mfululizo kwa sababu unaonyesha pengo. Ukiwa na 517 na 519, unajua kuna 518 mahali fulani.

Jedwali la tawini, kwenye SQLite, halihitaji makubwa:

```sql
CREATE TABLE marejesho (
  kitambulisho  TEXT PRIMARY KEY,
  namba_mkopo   TEXT NOT NULL,
  kiasi         INTEGER NOT NULL,
  tarehe_malipo TEXT NOT NULL,
  batilisha     TEXT,
  imepokelewa   TEXT
);
```

Kiasi ni namba kamili ya shilingi. Usiweke namba za desimali kwenye pesa, maana kompyuta huzihifadhi kwa kukadiria na mwisho wa mwezi utatafuta shilingi mbili usiku kucha. Safu ya `imepokelewa` inabaki tupu mpaka makao makuu yajibu. Kila mstari ambao safu hiyo ni tupu, huo ndio uko kwenye foleni. Hakuna faili lingine la "vilivyotumwa" la kutunza pembeni.

Safu ya `batilisha` ni ya makosa. Keshia akiandika 150,000 badala ya 15,000, asifute wala asihariri, kwa sababu huenda mstari umeshafika Mbeya. Aandike risiti mpya ya hasi 150,000 yenye namba ya ile ya mwanzo kwenye `batilisha`, kisha risiti ya tatu yenye kiasi sahihi. Makarani wengi huona hii ni kazi mara tatu. Ni kweli, lakini ndivyo walivyofundishwa kwenye kitabu cha fedha pia: kosa halifutwi kwa raba.

Sasa mtego ambao ulinipata mwaka wa pili. Kompyuta ya tawi ikafa, fundi akaweka nyingine na kurudisha nakala ya kanzidata ya siku tatu nyuma. Mfululizo ukaanza pale nakala ilipoishia, na risiti mpya zikachukua namba ambazo tayari zilikuwa makao makuu kwa watu wengine. Seva ikaziona kama marudio, ikazikataa kimyakimya. Ndiyo maana sehemu ya kati ya namba ni ya kompyuta: mashine ikibadilishwa au nakala ikirudishwa, `01` inakuwa `02` na mfululizo unaanza upya. Andika sheria hiyo kwenye karatasi na uibandike nyuma ya mashine, kwa sababu fundi atakayekuja siku hiyo pengine si wewe.

Pili, tuma ukweli wa risiti tu, hesabu zifanyike sehemu moja

Tawi litume namba ya mkopo, kiasi, na tarehe ambayo pesa ilipokelewa. Basi. Mgawanyo wa riba, faini na salio la mkopo ufanywe makao makuu. Pande zote mbili zikikokotoa, ipo siku zitatofautiana, na hutajua ni ipi ya kuamini. Jina la mwanachama pia halina sababu ya kusafiri, maana namba ya mkopo inatosha.

Tarehe ya malipo isichanganywe na tarehe ya kufika. Mkulima wa viazi aliyelipa tarehe 14 Juni, siku moja kabla ya siku yake ya mwisho, asipigwe faini eti kwa sababu mnara ulikuwa chini na data yake imefika Mbeya tarehe 17. Seva itunze tarehe zote mbili, lakini hesabu za mkopo zifuate ya malipo. Hapa saa ya kompyuta ya tawi inakuwa na uzito. Betri ndogo ya ndani ikifa, mashine huamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Programu ikatae kutoa risiti yenye tarehe iliyo nyuma ya risiti iliyotangulia, na imwambie keshia arekebishe saa.

Seva nayo, kama umeikodi nje ya nchi, aghalabu inakuja na saa iliyo nyuma yetu kwa masaa matatu. Iweke kwenye `Africa/Dar_es_Salaam`, la sivyo kila kinachofika kati ya saa 6 na saa 9 usiku kitahesabiwa ni cha jana.

Tatu, makao makuu yapokee kwanza, yahoji baadaye

Huku ndiko kosa langu la mwanzo lilikuwa, na tiba yake ni mstari mmoja wa mwisho:

```sql
INSERT INTO marejesho_makao
  (kitambulisho, namba_mkopo, kiasi,
   tarehe_malipo, batilisha)
VALUES ($1, $2, $3, $4, $5)
ON CONFLICT (kitambulisho) DO NOTHING;
```

`kitambulisho` lazima kiwe ufunguo mkuu wa jedwali hili pia, la sivyo mstari huo wa mwisho utagoma. Kikiwa kipya kinaandikwa, kikiwa kipo hakitokei kitu, wala kosa halirushwi. Lakini kumbuka mtego wa kompyuta iliyobadilishwa. Baada ya kuandika, seva isome mstari uliopo na kuulinganisha na uliotumwa. Namba ikifanana na yaliyomo yakafanana, ni marudio halali, jibu "nimepokea". Namba ikifanana lakini kiasi au mkopo ukitofautiana, usijibu kwamba umepokea. Weka pembeni na upige kelele kwa mhasibu.

Jibu litoke baada ya `COMMIT`, si kabla. Nimeona programu inayojibu haraka ili kuokoa muda kisha inaandika. Umeme ukikatika katikati ya hayo mawili, tawi limefuta foleni yake na makao makuu hayana kitu. Hilo ni baya kuliko kuandika mara mbili, kwa kuwa kilichozidi kinaonekana, na kilichopotea hukigundui mpaka mwanachama aje na risiti yake mkononi.

Jedwali hili la kupokelea usilifunge kwenye jedwali la mikopo. Inatokea mkopo umetolewa tawini leo na makao makuu hayajauingiza, na mwanachama akalipa kesho yake. Seva ikikataa risiti hiyo kwa sababu "mkopo haupo", na kukataa huko kukaangusha fungu zima la risiti zilizotumwa pamoja, risiti moja inaziba njia ya nyingine zote, usiku baada ya usiku. Pokea kila kitu, kisha kazi nyingine ya seva ipeleke zile safi kwenye akaunti za mikopo na kuacha zenye utata kwenye orodha ya mhasibu.

Nne, mafungu madogo na subira

Risiti moja ikiandikwa kama maandishi haizidi baiti mia tatu hivi. Siku ya gulio yenye risiti 140 ni kilobaiti arobaini na kitu, chini ya picha moja ya WhatsApp. Kwa hiyo tatizo si wingi wa data. Tatizo ni kwamba muunganisho unadumu sekunde chache, unayumba, unafa. Ukituma zote kwa pamoja na ikakatika karibu na mwisho, unaanza upya. Ukituma moja moja, kila risiti inalipia muda wa kufungua muunganisho. Mafungu ya 40 yamenifaa milimani. Kama tawi lako lina mtandao mbaya zaidi, shusha mpaka 20.

```sh
curl --silent --show-error --fail \
  --connect-timeout 20 --max-time 120 \
  --header @siri.txt \
  --data-binary @fungu.json \
  --output jibu.json \
  https://seva.example/marejesho
```

Faili la `siri.txt` lina vichwa viwili: aina ya data na neno la siri la tawi hilo. Kila tawi liwe na lake, ili laptopu ikiibiwa ufunge tawi moja tu. Vikomo vya muda ni muhimu kuliko vinavyoonekana. Bila `--max-time`, muunganisho uliokufa nusunusu unaweza kuning'inia usiku mzima huku foleni ikisubiri nyuma yake.

Jibu la seva liwe orodha ya namba za risiti zilizopokelewa. Programu ya tawi ijaze `imepokelewa` kwa namba zilizomo kwenye orodha hiyo tu. Usijaze kwa sababu `curl` imemaliza bila kulalamika. Bando likiisha, mtandao unaweza kukurudishia ukurasa wa kukuuzia bando jingine, na programu mvivu ikauhesabu kuwa ni jibu zuri. HTTPS inazuia sehemu kubwa ya ujanja huo, na kusoma orodha kunazuia uliobaki.

Ratiba ni kila dakika kumi na tano, usiku wote:

```
*/15 20-23,0-5 * * * flock -n /tmp/tuma.lock /opt/tawi/tuma.sh
@reboot sleep 180 && flock -n /tmp/tuma.lock /opt/tawi/tuma.sh
```

Ile `20` ni saa 2 usiku. Nalisema kwa sababu kuna kijana mwerevu aliyeandika `2`, na tawi likawa linaanza kutuma saa 8 usiku, modemu ikiwa imeshaishiwa chaji. `flock` inazuia zamu mpya kuanza kabla ya iliyotangulia kumaliza. Mstari wa pili ni wa siku ambazo umeme ulikatika usiku: mashine ikiwashwa asubuhi, inasubiri dakika tatu modemu ishike mtandao kisha inatuma.

Kuna mambo matatu yasiyo ya programu ambayo yamenilaza macho kuliko programu. Laptopu ikifunikwa inalala, na ratiba inalala nayo, hivyo zima tabia hiyo kwenye mipangilio. Bando la siku likinunuliwa saa 2 asubuhi linabeba usiku huo, lakini masasisho ya mfumo yakilikuta mchana yatalimaliza kabla giza halijaingia, kwa hiyo zuia masasisho kwenye laini ya modemu na nunua bando la mwezi. Na mlinzi anayezima swichi kuu saa 12 jioni kwa nia njema anastahili kuelezwa, si kugombezwa.

Tano, hesabu ya asubuhi itoke kwenye sanduku

Mpaka hapa mfumo unajikagua wenyewe, na hilo halitoshi. Unahitaji namba iliyopita njia nyingine. Meneja wa tawi akifunga siku anahesabu pesa kwenye sanduku na risiti kwenye kitabu, kisha anatuma SMS ya kawaida kwa mhasibu. SMS mara nyingi hupita hata pale data inapogoma:

```
MKT 14/06 137 9846500 482-618
```

Tawi, tarehe, idadi ya risiti, jumla ya shilingi, risiti ya kwanza na ya mwisho. Asitoe namba hizi kwenye skrini ya programu ileile inayotuma, maana programu ikikosea, SMS itarudia kosa hilohilo.

Tuifuate siku hiyo ya gulio. Risiti 137 zinagawanyika mafungu manne: 40, 40, 40 na 17. Saa 2 usiku fungu la kwanza, 482 hadi 521, linakwenda na kujibiwa. La pili, 522 hadi 561, linakwenda, seva inaliandika, ukungu na mvua vinafanya yao, na baada ya sekunde 120 `curl` inakata tamaa. Tawini mistari 40 bado iko kwenye foleni. Saa 2 na robo linatumwa tena. Seva inakuta zote 40 zipo na zinafanana, haiongezi kitu, inajibu namba zote 40. Kisha 562 hadi 601, kisha 602 hadi 618. Asubuhi mhasibu anaona risiti 137 na jumla 9,846,500, sawa na SMS.

Kwenye mfumo wangu wa zamani angeona 177. Mmoja wa waliomo kwenye lile fungu la pili alikuwa na deni la 1,200,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio. Alilipa 150,000: 18,000 ikaenda kwenye riba, 132,000 ikapunguza deni, likabaki 1,068,000. Ile nakala ya pili, kwa kuwa riba ilishalipwa, ingekwenda yote kwenye deni na kuacha 918,000. Jaribu kumweleza mzee huyo mwezi ujao kwamba deni lake limepanda wakati yeye amelipa.

Idadi isipolingana, usianze kupekua karatasi. Uliza seva ni namba ipi haipo:

```sql
SELECT n FROM generate_series(482, 618) AS n
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM marejesho_makao
  WHERE kitambulisho =
    'MKT-01-' || lpad(n::text, 6, '0'));
```

Isipotoka namba yoyote, tazama orodha ya zilizowekwa pembeni, maana namba zao tayari zipo kwenye seva kwa risiti nyingine. Zikitoka mfululizo kutoka mwisho, mfano 602 hadi 618, ni fungu ambalo bado halijapita, na tiba ni kusubiri. Idadi ikilingana lakini jumla ikatofautiana, tatizo liko tawini: kitabu na kompyuta havisemi kitu kimoja, na hapo ni meneja anayepaswa kukaa na keshia wake.

Mhasibu asifunge mwezi mpaka SMS ya siku ya mwisho ya kila tawi ilingane na seva. Risiti ya tarehe 30 Juni inayoingia tarehe 2 Julai ni ya Juni.

Mfumo huu hauwezi nini

Salio linaloonekana tawini ni la jana, au la juzi kama usiku ulikuwa mbaya. Mwanachama wa Makete aliyeshuka Mbeya akalipa dirishani pale makao makuu, tawi lake halitajua siku hiyo. Ndiyo maana risiti ya tawi ichapishe kiasi kilichopokelewa, na kama ni lazima kuandika salio, iandike na tarehe ya salio hilo. Kutoa mkopo mpya kwa kutazama skrini ya tawi peke yake ni kujitafutia kesi. Afisa mikopo apige simu makao makuu.

Siku mtandao unapokufa kabisa

Masika huwa na wiki zake. Mnara unaweza kuwa chini siku nne, na bodi ikataka taarifa. Hapo programu ya tawi itoe foleni yote kwenye faili moja, lenye muundo uleule wa `fungu.json`, na lifungwe kwa ufunguo wa umma wa makao makuu kabla ya kuingia kwenye flashi:

```sh
gpg --encrypt --recipient makao foleni.json
```

Ufungaji huo usiuruke. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na flashi ikiangukia kwenye siti ya basi maswali yatakuja kwa chama. Zikiwa wazi au zimefungwa, namba za mikopo na kiasi cha malipo ni taarifa za watu.

Flashi inapanda basi la alfajiri, mhasibu anaifungua na kuingiza faili kupitia mlango uleule wa seva. Foleni ya tawini usiiguse, iache na mistari yake mitupu. Mara ya mwisho tulipofanya hivi, basi lilikuwa bado njiani mnara uliporudi, na tawi likatuma kila kitu lenyewe. Mhasibu alipochomeka flashi mchana, seva ilisoma risiti 211, ikaongeza 0.